Tairi la Haisi: bei iulizwe mwisho

Mwenye Haisi ya abiria akiingia duka la matairi, neno la kwanza kinywani mwake huwa "shilingi ngapi?" Muuzaji humtajia la bei ya chini, mapatano yanaanza, na ubavu wa tairi haupati hata dakika moja ya kusomwa. Ushauri wangu ni kuanzia hapo ubavuni, kwa sababu tairi lisilofaa halina bei nzuri.

Tairi la Haisi nyingi huandikwa 195R15C, kisha hufuata namba kama 106/104R. Hiyo 106 si kilo. Ni namba ya jedwali linalotumika duniani kote, na maana yake ni kwamba tairi moja linabeba kilo 950. Ile 104, yaani kilo 900, ni kwa gari linalofungwa matairi mawili mawili upande mmoja. Herufi C inaonyesha kuwa tairi limetengenezwa kwa gari la biashara, lenye ubavu mgumu zaidi.

Balaa huanzia kwenye rafu ya pili dukani. Pale kuna tairi la gari dogo, 195/65R15, lenye namba 91. Lina 195, lina 15, linaingia kwenye rimu ile ile, na mara nyingi ni rahisi zaidi. Lakini 91 ni kilo 615 tu. Chukua Haisi iliyojaa abiria na mizigo, ekseli ya nyuma ikibeba kilo 1,700. Kila tairi la nyuma linabeba kilo 850. Tairi la 106 linabaki na akiba ya kilo 100, ila lile la 91 limezidiwa kwa kilo 235. Halipasuki siku ya kwanza. Ubavu unajikunja kupita kiasi kila linapozunguka, joto linapanda, nyuzi za ndani zinaachana na mpira, halafu siku moja ya jua kali barabara kuu linapasuka kwa kishindo. Tairi sahihi likikosa upepo wa kutosha nalo hufa kwa njia hiyo hiyo.

Ukiridhika na uzito, tafuta umri. Baada ya herufi DOT kuna mfululizo wa herufi na tarakimu, na mwishoni kuna tarakimu nne. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu hizo huwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona mwambie fundi aligeuze tairi. Usikubali kufungiwa kabla hujaziona. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, hasa tairi likianikwa juani nje ya duka. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na litolewe likifika miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kashata bado ni nene. Kwa gari linalobeba roho za watu kutwa nzima, mimi nisingenunua la mtumba lililopita miaka 5. Likunje kwa mikono, utazame chini ya mifereji na pale kashata inapokutana na ubavu. Ukiona nyufa nyembamba, achana nalo.

Kwenye mtumba kuna na kuchonga. Tairi lililokwisha hukatwa mifereji upya kwa kisu cha moto, likapakwa dawa ya kung'arisha. Tazama ndani ya mifereji mikuu: tairi zima lina vinundu vidogo vinavyokatiza mfereji, vilivyowekwa kuonyesha kuwa kashata imebaki milimita 1.6. Lililochongwa, mara nyingi vinundu hivyo vimekatwa.

Sasa uliza bei. Tuseme jipya ni shilingi 180,000 na lina kashata ya milimita 8, la mtumba ni 70,000 na limebaki na milimita 4, na kufunga ni 5,000. Yote mawili utayatoa yakifika milimita 2. Kama barabara zako hula milimita moja kila kilomita 8,000, jipya litakwenda kilomita 48,000, na la mtumba 16,000. Gawanya: jipya linakugharimu shilingi 3.85 kwa kilomita, la mtumba 4.69. Kufikia kilomita 48,000 utakuwa umenunua na kufunga la mtumba mara tatu kwa shilingi 225,000, badala ya 185,000. Kwa matairi manne, umepoteza 160,000, bila kuhesabu muda gari liliposimama kwa fundi.

Hesabu hiyo hubadilika kwa njia na dereva. Tairi jipya la bei ndogo lenye mpira laini linaweza kuisha upesi hadi likawa ghali kuliko yote. Kwa hiyo siku ya kufunga andika kwenye daftari kilomita zilizo kwenye dashibodi, bei, na kina cha kashata. Pima tena baada ya kilomita 8,000. Ukienda dukani safari ijayo, nenda na daftari hilo.