Chumvi ya Gongoni na rovu la Bungoma

Watu wetu walioolewa au kuhamia Kitale na Bungoma hupenda kubebewa chumvi kutoka nyumbani. Anayepanda basi hupitia Gongoni au Marereni, akajaziwa kifuko cha chumvi ya mawe kutoka mashambani, kwa imani kwamba chumvi ya bahari ina ayodini kuliko ya dukani. Imani hiyo si sahihi, na huko juu ina madhara.

Ayodini ya baharini huingia katika samaki na mwani. Maji ya chumvi yanapokaushwa na jua, kinachobaki kwenye chembe ni kidogo mno, hakitoshi mwili. Sisi wa Pwani tunasitirika kwa sababu ya nguru, dagaa na kamba. Kule chini ya Mlima Elgon mvua imeosha udongo kwa miaka na miaka, kwa hiyo mahindi, sukuma na maziwa vyote hutoka na ayodini haba. Ndiyo maana rovu ni ugonjwa wa milimani. Na rovu ndilo linaloonekana. Lisiloonekana ni mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake unaitegemea ayodini ya mamake.

Kwa hiyo ayodini hutiwa kiwandani. Chumvi ileile ya Magarini, baada ya kuoshwa na kusagwa, hunyunyiziwa ayodeti ya potasiamu. Ikiwa kilo moja ina miligramu 30 za ayodini, kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 5 hivi, humpa mtu mzima mikrogramu 150 anazohitaji kwa siku. Mjamzito anahitaji 250, naye asizitafute kwa kuongeza chumvi kwenye chakula, aulize kliniki.

Sasa, utajuaje? Wengi wamesikia ile ya mbatata: unaikata, unaipaka chumvi, unakamulia ndimu, ikigeuka buluu basi ayodini imo. Rangi ikitokea ni dalili njema. Isipotokea, haijathibitisha lolote. Ayodeti haigeuzi wanga rangi mpaka kwanza ivunjwe itoe ayodini, na ndimu peke yake haiifanyi kazi hiyo vizuri. Unaweza kuitupa chumvi nzuri bure.

Kipimo cha kuaminika zaidi nyumbani ni kile kichupa kidogo cha matone wanachotumia maafisa wa afya ya umma. Ndani yake mna wanga pamoja na dawa ya kuivunja ayodeti. Tuchukue nyumba moja ya Bungoma yenye chumvi tatu: ya pakiti, ya kupimiwa kwa kopo kutoka gunia, na ile ya mawe ya Gongoni. Kila moja itiwe kijiko kwenye kisahani chake, isawazishwe, idondoshewe tone moja, kisha rangi ilinganishwe na kadi iliyokuja na kichupa. Zambarau iliyoiva ni ishara ya kutosha. Iliyofifia ni upungufu. Ya mawe itabaki nyeupe. Ya gunia ikibaki nyeupe, usihukumu bado, kwani chumvi nyingine ina magadi yanayozuia rangi. Chukua chembe mpya, tia kwanza matone ya kichupa cha pili chenye asidi, kisha rudia. Ikibaki nyeupe tena, hiyo haina, na pengine ni chumvi ya ng'ombe au ya ngozi iliyopotea njia.

Hata hivyo matone hayo husema ipo au haipo. Kuhusu kiasi hasa, kadi hukisia tu. Hesabu kamili ni ya maabara.

Katika kuchagua chapa, mimi sina ugomvi na majina makubwa kama Kensalt au Kaysalt, ila jina pekee halitoshi. Tazama pakiti imezibwa kiwandani, imeandikwa kuwa ina ayodini, ina tarehe, na ina alama ya KEBS yenye nambari ya kibali chini yake. Nambari hiyo itume kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukianza hivi:

```
SM#nambari
```

Jibu likitaja kampuni au bidhaa tofauti na uliyoshika, rudisha pakiti. Ya gunia lililo wazi sokoni iache, hata muuzaji akikutajia chapa gani, maana gunia likishafunguliwa huna la kulisomea.

Na ule munyu wa majivu wanaopikia mboga za kienyeji huko Bungoma hulainisha mboga tu. Usihesabiwe kuwa chumvi.

Ukishafika nyumbani, unyevu ndio adui. Chumvi iliyoachwa kwenye bakuli wazi kando ya jiko hulowa, na ayodini huondoka nayo kidogo kidogo. Itie kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na mvuke na jua, uchote kwa kijiko kikavu, na mchuzi utiwe chumvi unapokaribia kuepuliwa. Nunua nusu kilo badala ya mfuko wa kukaa mwaka.