Andiko la Utafiti juu ya Fedha za Simu miongoni mwa Wanawake wa Banissa: Fasili, Malengo na Mipaka

Makala haya yanakusudia kueleza namna andiko la utafiti linavyojengwa juu ya suala moja mahususi, yaani jinsi wanawake wa vijijini katika Banissa, Kaunti ya Mandera, wanavyozipokea na kuzitumia fedha za simu. Hoja inayotetewa ni kwamba andiko la namna hii husimama au huanguka kwa fasili ya neno moja, nalo ni kutumia. Fasili hiyo ikilegea, malengo nayo hulegea, na mipaka ya utafiti huwa haina pa kushikia.

Kwanza yafaa kutazama pengo ambalo utafiti unakusudia kuliziba. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya mwezi wa Machi 2007. Utafiti wake unaojulikana zaidi ni ule wa Tavneet Suri na William Jack, ambao ulianza kuzihoji kaya mwaka 2008 na kuzirudia kaya hizo kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikadiria kwamba huduma hiyo iliziinua takriban kaya 194,000 kutoka katika ufukara, na kwamba manufaa yalikuwa makubwa zaidi katika kaya zinazoongozwa na wanawake. Lakini sampuli ya utafiti huo iliziacha nje sehemu za kaskazini na kaskazini mashariki, kwa kuwa wakati huo mtandao wa simu ulikuwa haba huko na wakazi walikuwa wametawanyika. Kwa hiyo, mwandishi anayesema kwamba faida ya fedha za simu kwa wanawake wa Kenya imekwisha kuthibitishwa, kisha akaiambatisha Banissa, anaichukua hoja mpaka mahali ambapo ushahidi wake haukufika. Hapo ndipo penye sababu ya utafiti, nayo yatosha kuelezwa kwa aya moja.

Ama kuhusu fasili, hapana budi kuanza na lugha yenyewe. Katika Kiswahili, kitenzi kutumia kimetokana na kutuma kwa kuongezwa kiambishi cha kutendea, na hadi leo kinabeba maana mbili. Mtu hutumia jembe, na mtu humtumia mwanawe fedha. Swali la hojaji lisemalo, “Je, umetumia M-Pesa mwezi huu?” laweza basi kueleweka kwa njia mbili. Mwanamke aliyepokea fedha kutoka kwa nduguye aliye Nairobi, naye hakumpelekea mtu yeyote, aweza kujibu “hapana” bila ya kusema uongo. Tatizo hili huzidi katika Banissa, ambako wakazi wengi ni Wagarre na mazungumzo ya nyumbani huendeshwa kwa Kioromo au Kisomali, ilhali maandishi ya huduma hiyo kwenye simu huja kwa Kiingereza au Kiswahili. Msaidizi wa utafiti akiachiwa afasiri swali papo hapo, kila msaidizi atauliza swali lake.

Dawa yake ni kukivunja kitenzi hicho katika matendo yanayoweza kuhesabika: kupokea fedha, kuzichukua taslimu kwa wakala, kumpelekea mtu mwingine, kulipa dukani, na kuweka akiba. Kwa kila tendo huulizwa mambo matatu: laini ni ya nani, simu ilishikwa na nani, na namba ya siri ilibonyezwa na nani. Kwa majibu hayo wanawake huweza kupangwa katika daraja tatu. Wa kwanza ni yule ambaye fedha humfikia kupitia simu ya mume, mwana au jirani. Wa pili ana laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho chake, lakini mtu mwingine ndiye abonyezaye namba ya siri. Wa tatu hufanya matendo yote mwenyewe. Andiko lisilotenganisha daraja hizi litawahesabu wote kuwa ni watumiaji, na mwanamke ambaye fedha zake zimo mikononi mwa mwingine atapotea ndani ya asilimia nzuri.

Fasili hiyo haina budi pia kutenga fedha za simu na malipo mengine. Mpango wa taifa wa kuzikinga kaya na njaa, unaohudumia Mandera pamoja na Turkana, Marsabit na Wajir, katika awamu yake ya pili iliyoanza mwaka 2013 ulizifungulia kaya akaunti za benki zenye kadi. Mwanamke aliyezoea kadi hiyo aweza kuitaja anapoulizwa habari za fedha zinazopitia kwa wakala. Hojaji itaje chombo chenyewe: kadi au simu.

Baada ya fasili ndipo malengo huweza kuandikwa. Chukuliwe lengo hili, la namna inayoonekana mara nyingi: “Kuchunguza mchango wa fedha za simu katika kuinua uchumi wa wanawake wa Kaskazini Mashariki.” Lengo hili lina kasoro mbili. Eneo lake ni kaunti tatu, na neno kuinua ladai kuonyesha sababu na matokeo, jambo ambalo mahojiano ya mara moja hayawezi. Suri na Jack walilazimika kuzirudia kaya zilezile kwa sababu hiyo hiyo. Mtafiti wa shahada ya uzamili mwenye mwezi mmoja wa kazi ya nje anaweza kuandika hivi badala yake: kubainisha uwiano wa wanawake katika kila daraja, kulinganisha vijiji vilivyo karibu na wakala na vilivyo mbali, na kueleza sababu ambazo wanawake wenyewe wanazitoa za kumwachia mtu mwingine namba ya siri. Malengo mawili ya kwanza hujibiwa kwa hojaji, na la tatu kwa mazungumzo marefu na wanawake wachache, wakihojiwa na mwanamke mwenzao, faraghani.

Mipaka hupimwa kwa hesabu. Maandiko mengi hunakili sampuli ya watu 384, inayotokana na kosa la asilimia 5 kwa kiwango cha kuaminika cha asilimia 95. Idadi hiyo hufaa pale watu wanapochaguliwa mmoja mmoja. Wakichaguliwa kwa vijiji, majirani hufanana, na sampuli yapasa kuongezwa. Ikiongezwa kwa nusu, 384 huwa 576. Wasaidizi wawili wanaohoji wanawake wanne kila mmoja kwa siku watahitaji siku 72. Kosa likiruhusiwa kufika asilimia 10, idadi ya msingi ni 96, nayo ikiongezwa kwa nusu huwa 144, yaani vijiji 12 vya wanawake 12, kazi ya siku 18. Lakini andiko likiri bei yake: kati ya makundi mawili ya wanawake 72, tofauti ya kama asilimia 10 haitaweza kutenganishwa na bahati, itahitajika tofauti inayokaribia asilimia 20.

Yabaki majira na ruhusa. Wakati wa kiangazi kaya za wafugaji huhama, na orodha ya kijiji hubaki na majina yasiyo na watu. Mtafiti aeleze ni kaya ngapi hazikupatikana, wala asizijaze kimyakimya kwa zilizo karibu na barabara. Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi huchukua majuma kadhaa, navyo huombwa kabla ya tarehe za safari kupangwa. Mwisho, hojaji isiulize kamwe namba ya siri wala salio. Yatosha kujua ni kidole cha nani kilichobonyeza.