Mwaka wa Kilele Si 2028

Januari 2028 milango ya sekondari za Tanzania itafunguliwa kwa makundi mawili kwa mpigo. Mitaala mipya ilipoanza kutumika Januari 2024, wanafunzi waliokuwa darasa la tatu mwaka huo waliingizwa kwenye mfumo wa miaka sita ya elimu ya msingi. Waliowatangulia, waliokuwa darasa la nne, wakabaki kwenye mfumo wa miaka saba. Hesabu mwenyewe: wa darasa la sita na wa darasa la saba wanamaliza pamoja mwaka 2027, na kidato cha kwanza kitakachofuata kitawapokea wote.

Ni nadra kwa mwajiri kuletewa taarifa iliyo wazi namna hii, tena miaka minne kabla. Mwenye hoteli Nungwi hajui watalii watakuwa wangapi msimu ujao, na mwenye kiwanda hubahatisha oda zake. Mwajiri wa walimu anajua, maana wateja wake wameshakaa kwenye madawati. Ndiyo maana shule ni mahali pazuri pa kuonea jinsi maoteo ya watumishi yanavyofanywa, na jinsi yanavyoharibika hata pale ambapo kila mtu aliona jambo linakuja.

Kosa la kwanza ni kusema kwamba wanafunzi wanakuwa mara mbili, basi na walimu wawe mara mbili. Tuchukue shule moja ya kata, ya mfano tu. Kila mwaka shule za msingi zinazoizunguka zinamalizisha wanafunzi 200, na kati yao 160 wanafaulu kuingia kidato cha kwanza. Wanagawanywa mikondo minne ya wanafunzi 40, kwa hiyo kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne shule ina mikondo 16. Tuseme hisabati ina vipindi sita kwa wiki kwa kila mkondo. Hivyo ni vipindi 96. Mwalimu mmoja akibeba vipindi 24 kwa wiki, shule inahitaji walimu wanne wa hisabati.

Sasa ingiza mabadiliko. Sera ya elimu iliyohuishwa mwaka 2023 inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi: sita ya msingi, minne ya sekondari. Hapo mchujo wa kuingia sekondari unaondoka. Kundi la darasa la sita linakuja lote, wanafunzi 200, mikondo mitano. Kundi la mwisho la darasa la saba, kwa mfano wetu, linaleta 160 wake wa kawaida, mikondo minne. Kidato cha kwanza cha 2028 kina mikondo tisa, lakini vidato vilivyo juu yake bado vina minne minne, kwa hiyo jumla ya shule ni mikondo 21. Vipindi vya hisabati ni 126, mzigo wa walimu watano na robo.

Walioshtuka kwa neno "mara mbili" watapumua hapo. Wasipumue mapema. Mwaka 2029 kundi la mikondo tisa linapanda kidato cha pili, na nyuma yake inaingia mikondo mitano, kwa sababu kila kundi jipya sasa ni la watoto 200. Jumla inakuwa mikondo 22. Mwaka 2030 ni 23. Mwaka 2031, kundi kubwa likiwa kidato cha nne na vidato vyote vitatu vya chini vikiwa na mikondo mitano mitano, jumla ni 24, na walimu wa hisabati wanaohitajika ni sita kamili. Kundi hilo likishahitimu, 2032 shule inarudi kwenye mikondo 20 na walimu watano.

Kwa hiyo shule hii haikabiliwi na upungufu wa aina moja. Kuna mwalimu mmoja wa ziada anayehitajika moja kwa moja, kwa sababu mchujo umeondoka. Kuna mwingine anayehitajika kwa muda tu, wimbi linapopita, na hitaji lake linafika kilele mwaka 2031, wakati kelele za 2028 zitakuwa zimeshasahauliwa. Ukiwachanganya wawili hawa kwenye ombi moja la "walimu wawili", utaajiri mtu wa miaka thelathini kwa shida ya miaka minne.

Makadirio haya yana mipaka yake. Si kila anayeanza kidato cha kwanza anafika cha nne. Wapo wanaoacha, wapo wanaokariri baada ya upimaji wa kidato cha pili. Njia ya kulijua hilo ni rejesta za shule yenyewe: chukua idadi ya kidato cha kwanza cha miaka mitatu iliyopita uilinganishe na kidato cha nne cha leo. Kama katika kila 40 wanabaki 33, kilele cha 2031 kitakuwa chini kidogo ya hesabu yetu. Wastani wa taifa hautakusaidia sana hapa.

Huo ndio upande wa mahitaji. Upande wa walimu waliopo unaonekana rahisi, na ndipo watu wengi wanapoangukia.

Orodha ya ikama inasema shule ina walimu wanne wa hisabati. Fungua ratiba ukutani uone ni majina mangapi yanayofundisha. Mmoja yuko masomoni na mshahara wake bado unasomeka hapo. Mwingine ameomba uhamisho kumfuata mwenza. Wa tatu akienda likizo ya uzazi ya siku 84, hakuna wa kushika nafasi yake. Tofauti kati ya ikama na ratiba ndiyo dalili ya kwanza kwamba taarifa za watumishi haziaminiki, na afisa utumishi asiyeilinganisha mara kwa mara anapanga kwa kutumia watu wasiokuwepo.

Kisha kuna umri. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Maana yake tarehe ya kuzaliwa kwenye faili ni taarifa ya kuondoka iliyoandikwa siku mtu alipoajiriwa. Tuseme katika wanne wetu mmoja alizaliwa 1969 na mwingine 1972. Wa kwanza anaondoka 2029, wa pili 2032. Tukiwaacha pembeni wa masomoni na wa uhamisho, na kudhani kila anayetoka analeta mbadala wake, shule itabaki na watatu baada ya 2029 huku ikihitaji sita mwaka 2031. Iajiri watatu kwa hatua kati ya 2028 na 2031. Mwaka 2032 wimbi linapita, mahitaji yanashuka hadi watano, na aliyezaliwa 1972 anastaafu. Wanabaki watano. Ziada imejimaliza bila kumfukuza wala kumhamisha mtu.

Hesabu haitafunga vizuri hivyo kila mahali. Nimechagua miaka ya kuzaliwa inayofunga. Lakini katika halmashauri yenye mamia ya walimu, wastaafu wa kila mwaka wanajulikana, na inawezekana kabisa kumwajiri mtu leo kwa kiti kitakachoachwa wazi kesho kutwa. Pale isipowezekana, mwalimu wa muda apewe mkataba wenye tarehe ya mwisho.

Na hapo Kenya ina la kutufunza. Januari 2023 ilianzisha sekondari ya chini, na Tume ya Huduma za Walimu ikajaza pengo kwa walimu wanagenzi wa mkataba kwa malipo madogo. Wanagenzi hao walikuwa wamesomea kazi yao na walifanya kazi kamili. Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba utaratibu huo haukuwa halali, Mei wakagoma, na mwanzoni mwa 2025 takriban 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Walistahili. Tatizo lilikuwa kutumia mkataba wa muda kwa kazi ambayo haikuwa ya muda.

Hapa kwetu kikwazo kingine ni aina ya mwalimu. Ukihesabu vichwa tu, Tanzania inaweza kuwa na upungufu na ziada ndani ya ofisi moja ya walimu: viti vitatu vya fizikia vitupu, na walimu wa historia wanagawana vipindi vichache. Mwaka 2017 Serikali iliwahamishia shule za msingi walimu wa sekondari wa masomo ya sanaa waliozidi. Ni njia halali ya kupunguza ziada, nayo ni nafuu kuliko kuachisha kazi, ila haileti mwalimu hata mmoja wa fizikia. Tena uhamisho una gharama: posho ya kujikimu, nauli, mizigo. Halmashauri inayohamisha bila fungu inazalisha madeni ya walimu.

Mwaka 2028 upepo unaweza kuvuma kinyume. Darasa la saba litakuwa limetoweka, na shule ya msingi iliyokuwa na madarasa saba itabaki na sita. Sehemu ya walimu watakaopatikana hapo wataziba mapengo yaliyopo katika shule hizo hizo, lakini wenye shahada na somo la kufundishia wanaweza kupanda sekondari. Kwa mtazamo wangu hiki ndicho chanzo cha haraka zaidi tulicho nacho, na kazi ya kuwaorodhesha kwa somo haidai shilingi ya mshahara mpya.

Njia ya mkato ya kuwazalisha wapya imeshajaribiwa. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa programu hiyo walirudishwa nyumbani masomo yalipokwama, na baadaye baadhi yao wakapelekwa vyuo vya ualimu. Darasa lilikuwa limejaa, ila wa kulifundisha hawakutosha: upungufu ulihamishwa kutoka shuleni kwenda chuoni.

Mwisho ni kalenda ya Serikali yenyewe. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na ikama na bajeti ya mishahara huandaliwa miezi mingi kabla. Halmashauri inayogundua pengo Januari 2028, wanafunzi wakiwa wamekaa sakafuni, itaomba kibali kwenye bajeti ya 2028/29, na mwalimu atafika mwaka huo ukiwa umeisha. Ombi la 2028 linatakiwa liwe ndani ya bajeti ya 2027/28. Shahada ya ualimu nayo inachukua miaka mitatu. Anayetakiwa kusimama mbele ya ile mikondo 24 Januari 2031 hana budi kuwa ameingia chuo kikuu kabla mwaka 2027 haujaisha.