Dakika Mbili Zinazochana Mkeka

Umebashiri kwamba mshambuliaji fulani atafunga bao. Kikosi kinatoka, yuko benchi. Je, pesa yako inarudi?

Bado. Kampuni nyingi haziangalii kama mchezaji ameanza, zinaangalia kama amekanyaga uwanja. Asipocheza kabisa, iwe ameumia au kocha hakumwingiza, ubashiri unafutwa na dau linarudishwa. Akiingia dakika ya 88, ubashiri unasimama kama wa aliyecheza mechi nzima, na asipofunga umepoteza.

Tuseme mkeka wako una mechi tatu, odi 2.00, 1.50 na 1.80, dau shilingi 1,000. Zote zikitiki unapata 5,400. Mchezaji wa odi 2.00 asipocheza, odi yake inageuka 1.00, na mbili zilizobaki zikitiki unalipwa 2,700. Lakini akiingizwa dakika mbili za mwisho bila kufunga, mkeka wote umechanika. Kwa mbashiri, basi, jeraha wakati wa kupasha misuli ni nafuu kuliko kuingia kwa kuchelewa. Naona hili linaumiza, ila ndiyo kanuni.

Ubashiri wa mfungaji wa bao la kwanza ni tofauti: kwa kawaida, aliyeingia baada ya bao hilo kufungwa hufutwa. Kuna pia kampuni ambazo, kwenye idadi ya mashuti au pasi, hutaka mchezaji awe ameanza.

Vikosi hutangazwa takriban saa moja kabla ya mechi. Subiri uvione, na usome kanuni za kampuni yako kabla ya kuweka dau.