Jibu la Ufahamu: Neno la Kifungu, Sentensi ya Mtoto

Jioni moja baada ya Maghrib, binti yetu alituletea karatasi yake ya ufahamu hapa nyumbani Garsen. Habari aliielewa, alitusimulia yote bila kuitazama. Hata hivyo, jibu moja la alama mbili lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu na kuandikwa: "Umenakili." Tumetunga mfano unaofanana na ule, ili kosa lionekane.

"Mto Tana ulifura usiku, na kulipopambazuka shamba letu la mpunga lilikuwa ziwa. Baba alisema maji yakishuka yataacha tope lenye rutuba. Hata hivyo, hatukupanda mara moja, kwani mbegu tulizoweka darini zilikuwa zimeota ukungu, nasi tukalazimika kungoja za kuazima kutoka kwa shangazi huko Ngao."

Swali: Kwa nini familia hii ilichelewa kupanda? (alama 2)

Mtoto mmoja ataandika "Mafuriko." Hiyo si sentensi, na wala si sababu: neno "hata hivyo" limekwisha kutuonya kwamba kizuizi kilikuwa kingine. Mwingine, kama binti yetu, atahamisha mstari wote: "Hata hivyo, hatukupanda mara moja, kwani mbegu tulizoweka darini..." Hapo unakili hujifichua wenyewe. "Hata hivyo" inapinga jambo lisilokuwamo katika jibu, na "hatukupanda" inamfanya mtahiniwa awe mwana wa familia ile.

Jibu lifaalo huanza kwa maneno ya swali, kisha huchukua ya kifungu: "Familia hii ilichelewa kupanda kwa kuwa mbegu zake ziliota ukungu darini, ikalazimika kungoja mbegu za kuazima kwa shangazi." Tazameni kilichobaki: mbegu, ukungu, dari, kungoja. Kilichobadilika ni nafsi na mwungano wa sentensi. Ngao imeachwa, kwa kuwa swali halikuuliza mahali. Hoja ni mbili, sawa na alama. Atakayekomea kwenye ukungu atapata moja tu.

Lakini wako pia wanaoogopa kunakili hata wakabadilisha kila neno. Mmoja wa wanetu aliwahi kuandika "uyoga" badala ya "ukungu," tukacheka sana, ila maana ilikuwa imepotea. Jina la kitu na liachwe lilivyo. Kisawe hutafutwa pale swali linapotaka maana ya neno, mathalani "kufura," ambako kulirudia neno lenyewe hakufai.

Ufahamu hubeba alama 15 katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, na makosa ya sarufi na tahajia huadhibiwa humo. Kwa hiyo siku hizi tunamwomba binti yetu akifunike kifungu, kisha atusomee jibu peke yake. Tukilazimika kuuliza "Nani hao?" au "Hata hivyo nini?", yeye huchukua kalamu na kuliandika upya kabla hatujasema zaidi.