Je, Wajua? Siku 30 za posti iliyofutwa

Umefuta posti Instagram au Facebook, na sasa unaitaka. Kabla hujamlipa mtu anayejitangaza kuwa fundi wa kurudisha vilivyofutwa, angalia kwanza mahali ambapo huenda posti yako bado imekaa ikihesabiwa siku.

Je, wajua kwamba posti uliyoifuta haitoweki papo hapo? Huondoka kwenye ukurasa wako na machoni pa watu wote, kisha huwekwa kando mahali unapopaona wewe peke yako. Facebook walianza Juni 2020, wakatengeneza sehemu iitwayo Trash, ambayo kwenye baadhi ya simu husomeka Recycle bin. Instagram wakafuata Februari 2021 kwa folda ya Recently deleted. Kote kuwili posti hukaa siku 30. Ukiichukua ndani ya muda huo, inarudi. Usipoichukua, mfumo unaifuta wenyewe bila kukuuliza tena.

Je, wajua kwamba wadukuzi ndio waliosababisha folda ya Instagram iwepo? Kampuni ilieleza kuwa mtu akivamia akaunti, mara nyingine hufuta picha na video za mwenyewe. Hapo awali mwenye akaunti angeweza kuipata tena akaunti yake na kukuta ukurasa mtupu. Ndiyo maana Instagram huomba uthibitishe kuwa akaunti ni yako kabla ya kurejesha kitu, au kabla ya kukifuta moja kwa moja kutoka kwenye folda hiyo. Namba ya uthibitisho hutumwa kwa meseji au baruapepe. Mwizi aliyeshika nenosiri peke yake anaweza kutupa posti zako kwenye folda, lakini kuzimalizia kabisa kunamlazimu apite mlango wa pili.

Je, wajua kwamba njia ya kufika huko ni fupi? Tumchukue mshonaji wa magauni ya harusi mwenye duka Kariakoo. Tarehe 3 Machi alikuwa anasafisha ukurasa wake wa Instagram, akafuta rili ya gauni iliyokuwa na bei ya zamani. Tarehe 24 Machi mteja akaja akilitaka gauni lile lile. Mshonaji anafungua ukurasa wake, anabonyeza vistari vitatu juu kulia, anaingia Your activity, kisha Recently deleted. Anaigusa rili yake, anabonyeza vidoti vitatu, anachagua Restore na kukubali. Akiombwa namba ya uthibitisho, anaiandika. Rili inarudi kwenye ukurasa.

Je, wajua kwamba watu wengi hukata tamaa wakiwa ndani ya folda yenyewe? Sababu ya kwanza ni kwamba folda imegawanywa kwa aina: posti za kawaida upande wake, rili upande wake, stori upande wake. Mshonaji akitafuta rili yake kwenye safu ya posti, ataona patupu na kudhani imekwenda. Sababu ya pili ni akaunti. Mwenye akaunti mbili kwenye simu moja, ya biashara na ya nyumbani, ana folda mbili zisizojuana. Kilichofutwa kwenye akaunti ya duka hakionekani ukiwa umeingia kwa akaunti yako binafsi.

Je, wajua kwamba kila kitu kwenye folda kina hesabu yake? Instagram huandika juu ya kila kijipicha idadi ya siku zilizobaki. Saa inaanza kugonga siku ulipofuta, wala si siku ulipoposti. Rili ya mshonaji inaweza kuwa ya mwaka juzi, lakini kwa kuwa imefutwa tarehe 3 Machi, siku zake 30 zinaishia tarehe 2 Aprili. Tarehe 24 Machi zimepita 21 na zimebaki 9. Kwa hiyo ukitaka kujua kama bado una nafasi, usihangaike kukumbuka ulipiga picha lini. Kumbuka ulibonyeza lini kitufe cha kufuta, na usiingoje siku ya mwisho, maana namba ya uthibitisho ikichelewa siku hiyo ndiyo basi.

Je, wajua kwamba stori inaweza kukupa saa 24 tu? Hapa wengi huponzwa, kwa sababu wamesikia siku 30 wakadhani ni kwa kila kitu. Stori ambayo haimo kwenye hifadhi ya stori hukaa kwenye folda muda usiozidi saa 24. Kinachoamua ni kiteuzi kimoja tu kwenye mipangilio, kile cha kuhifadhi stori kwenye kumbukumbu, ambacho kwenye skrini huitwa Save story to archive. Kikiwa kimewashwa, stori hujiweka kwenye hifadhi yako, na ukiifuta inapata siku zake 30 kama posti nyingine. Kikiwa kimezimwa, stori ya tangazo la punguzo iliyofutwa asubuhi ni ya kutafutwa siku hiyo hiyo. Kiangalie leo, kwa kuwa kukiwasha baada ya stori kufutwa hakukusaidii.

Je, wajua kwamba picha moja iliyotolewa kwenye posti ya picha nyingi nayo huenda kwenye folda? Mshonaji ameposti picha sita za gauni moja, za mbele, nyuma, mikono na kadhalika, kisha akaondoa ile ya nyuma. Posti inabaki na picha tano, na ile ya sita ana siku 30 za kuirudisha kupitia Recently deleted. Hana haja ya kufuta posti nzima na kuanza upya akapoteza maoni ya wateja waliokwisha kuuliza bei.

Je, wajua kwamba Facebook huficha kapu lake mahali pengine kabisa? Haliko kwenye picha wala kwenye mipangilio ya jumla. Nenda kwenye ukurasa wako binafsi, bonyeza vidoti vitatu, ingia Activity log, kisha tafuta Trash au Recycle bin. Weka alama kwenye posti unayoitaka, bonyeza Restore, thibitisha. Ukiwa na posti nyingi unaweza kuweka alama kadhaa na kuzirudisha kwa mkupuo mmoja. Wenye simu ndogo hawakusahaulika: huduma hii ilipoanza mwaka 2020, Facebook Lite ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuipata.

Jambo la kuangalia ni maneno unayoyabonyeza. Move to trash ndiyo inayokupa siku 30. Ukiona neno ni Delete tupu na onyo linasema hakuna kurejesha, liamini onyo. Na ukiwa ndani ya kapu lenyewe, kufuta kutoka humo ni kumaliza: siku zilizobaki hazikungojei tena.

Je, wajua kwamba kuna vitu visivyopita kwenye folda hizi kabisa? Maoni uliyoyafuta chini ya posti ya Instagram hukupa sekunde chache tu za kutengua, kisha basi. Ujumbe wa faragha uliouondoa kwenye mazungumzo haumo kwenye folda. Na posti iliyoondolewa na Instagram wenyewe kwa madai ya kuvunja kanuni usiitafute huko pia. Hiyo unaifuatilia kwenye Account Status, ambako utaambiwa imeondolewa kwa sababu gani na kama unaweza kukata rufaa. Kwa hiyo posti ikipotea nawe huna hakika kama uliifuta, anza kwa kuangalia kote kuwili.

Je, wajua kwamba laini ya zamani inaweza kukunyima posti ambayo bado ipo? Mshonaji wetu alifungua akaunti kwa laini aliyokwisha kuiacha. Rili yake ameiona kwenye folda, siku zimebaki 9, lakini namba ya uthibitisho inakwenda kwenye laini isiyo mkononi mwake. Tena laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine. Dawa ni kuingia Accounts Center na kuhakikisha namba ya simu na baruapepe vilivyoandikwa ni vile unavyovifungua leo. Fanya hivyo wakati bado umeingia kwenye akaunti. Na namba ya uthibitisho ikifika, ni yako peke yako. Anayekuomba umsomee ili “akurudishie posti” anakuomba ufunguo wa akaunti nzima.

Je, wajua kwamba baada ya siku 30 nakala inaweza kubaki kwenye seva, lakini si kwa ajili yako? Meta, kampuni mama, inasema ufutaji kamili kwenye mifumo yake unaweza kuchukua hadi siku 90. Hiyo haimaanishi una miezi mitatu. Mlango wako umefungwa siku ya 30, na kilichobaki nyuma yake huwezi kukiomba. Hata faili ya taarifa zako unayoweza kuipakua kutoka kwao haileti vitu ulivyokwisha kuvifuta. Mwaka 2020 mtafiti wa usalama, Saugat Pokharel, alifichua kuwa faili yake ya Instagram ilikuwa bado na picha na jumbe alizozifuta zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Instagram walikiri kuwa ni hitilafu, wakairekebisha na kumlipa dola 6,000. Kwa hiyo anayekuuzia “programu ya kutoa posti kwenye seva” anakuuzia mlango ambao haupo.

Je, wajua kwamba simu yako huenda ina muda mrefu kuliko Instagram? Kilichopotea mtandaoni kilianzia kwenye kamera. Kama picha halisi uliifuta kwenye Google Photos nayo ilikuwa imehifadhiwa mtandaoni, hukaa kwenye kapu lake siku 60. Ambayo haikuwa imehifadhiwa hukaa siku 30. Kwenye iPhone, albamu ya vilivyofutwa karibuni huweka kwa siku 30. Mshonaji aliyefuta rili na video yake siku moja anaweza kukuta Instagram imeshafunga, na Google Photos bado wanaishikilia. Maoni na alama za kupendwa hazitarudi kwa njia hiyo, lakini gauni litaonekana.

Je, wajua kwamba mshonaji hakuwa na haja ya kufuta rili kwa sababu ya bei ya zamani? Tangu mwaka 2017 Instagram ina Archive, na Facebook wana yao ndani ya Activity log. Posti iliyowekwa humo haionekani kwa wengine, haihesabiwi siku, na kwenye Instagram ukiirudisha inakaa mahali pake pa awali pamoja na maoni na alama zake za kupendwa. Hata kapu la Facebook lina kitufe cha kuhamishia posti kwenye Archive badala ya kuirudisha hadharani. Mwenye posti iliyobakiza siku mbili, naye hajaamua kama anaitaka ionekane, aitoe kwenye kapu aiweke huko, aamue mwezi ujao.