Sura ya Pili: Akiba ya Kwenye Simu Imetoka Wapi?

Tuseme mwanafunzi wa uzamili aliyeko Morogoro anaandika tasnifu kuhusu pesa za simu na tabia ya kaya kuweka akiba. Mada imekubaliwa, na sasa msimamizi anamdai sura ya pili, yaani mapitio ya machapisho. Wengi wakifika hapo hukusanya makala, kisha humpa kila mwandishi aya yake: fulani alisema hivi, fulani naye akaona vile. Sura ya namna hiyo haijifichi. Hamisha aya ya tano iwe ya pili, na ya pili iwe ya saba. Kama hakuna kilichoharibika, haikuwa na hoja tangu mwanzo.

Katika mada hii hoja huanzia pale mwanafunzi anapoamua akiba itapimwaje. Mchukue mama anayeuza mboga sokoni. Mwaka jana alikuwa na shilingi 60,000 kwenye kikoba na 20,000 kwenye kibubu nyumbani. Mwaka huu ana 45,000 kwenye simu, 35,000 kwenye kikoba, na kibubu ni kitupu. Mtafiti wa kwanza anamuuliza kama anaweka akiba kwa simu, naye anajibu ndiyo. Inaandikwa kwamba huduma imemfikia. Wa pili anaangalia salio la simu tu na kuona ongezeko la 45,000. Wa tatu anajumlisha pote alipoweka, anapata 80,000 kama mwaka jana, na anaandika kwamba hakuna kilichoongezeka. Wote watatu wamesema kweli.

Machapisho ya pesa za simu yamejaa watafiti hawa watatu, na mwanafunzi asiyewatofautisha ataandika kwamba matokeo ya tafiti yanapingana, kisha aendelee na safari. Kumbe mengi hayapingani. Yamepima vitu tofauti. Kwa hiyo swali la kuijenga sura liwe moja: je, pesa za simu zimeongeza akiba yote ya kaya, au zimeihamisha kutoka kwenye upatu, vikoba na vibubu?

Swali hilo linabadilisha hata namna ya kutafuta. Anayeandika maneno ya simu na akiba peke yake atakosa maandiko ya upatu, ambayo ndiyo upande wa pili wa mizani. Kwenye hifadhidata kama Scopus anaweza kuanza hivi:

```
("mobile money" OR "M-Pesa") AND (saving* OR ROSCA OR "informal finance") AND (household* OR women)
```

Nyota inaleta miisho yote ya neno, na ROSCA ni kifupi ambacho wanauchumi hutumia kwa upatu. Google Scholar haiitumii nyota kwa namna hiyo, kwa hiyo huko aandike maneno kamili. Aandike pia tarehe aliyotafuta, idadi ya makala alizopata, na sababu ya kila aliyoiacha, kwa kuwa watahini huuliza.

Makala zilizobaki zisiende moja kwa moja kwenye aya. Ziingie kwanza kwenye jedwali: utafiti ulifanyika wapi na lini, nani aliulizwa, akiba ilipimwaje, walinganishwa na nani, na matokeo ni yapi. Safu ya namna akiba ilivyopimwa ndiyo inayofanya kazi kubwa. Tuijaze kwa tafiti tatu zinazotajwa mara nyingi.

Isaac Mbiti na David Weil walitumia takwimu za upatikanaji wa huduma za fedha nchini Kenya, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2007. Waliona kwamba matumizi ya M-Pesa yalipoongezeka, watu walipunguza kutumia njia zisizo rasmi za akiba kama upatu, na uwezekano wa kuwa na akaunti ya benki ukapanda. Huo ni ushahidi wa kuhama. Hautuambii kwamba jumla ya akiba ilikua.

Nchini Tanzania, timu iliyoongozwa na Gautam Bastian iliwagawa kwa bahati nasibu wanawake wenye biashara ndogo. Baadhi walihamasishwa na kusajiliwa kwenye akaunti ya akiba ya simu, na baadhi yao wakapewa pia mafunzo ya biashara. Baada ya miezi 6 wanawake hao waliweka pesa nyingi zaidi kupitia akaunti ya simu, na mafunzo yaliongeza nguvu ya matokeo hayo. Kwa namna ya kulinganisha, utafiti huu una nguvu kuliko ule wa kwanza, kwa sababu bahati nasibu inaondoa shaka kwamba waliojiunga walikuwa na kipato kizuri tangu awali. Lakini isome tena safu ya kipimo: kupitia akaunti ya simu. Mwanafunzi akiandika tu kwamba wanawake waliweka akiba zaidi, amesema jambo kubwa kuliko matokeo hayo.

Wa tatu ni ule wa William Jack na Tavneet Suri wa mwaka 2014, ambao karibu kila tasnifu ya mada hii huutaja. Walionyesha kwamba kaya zisizotumia M-Pesa zilipopatwa na msukosuko wa kipato, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7, ilhali ya watumiaji hayakutikisika. Wanafunzi wengi huuweka utafiti huu chini ya kichwa cha akiba, nami naona huko si mahali pake. Kilichowaokoa watumiaji ni fedha walizotumiwa na ndugu na marafiki. Kama ndugu wa Dar es Salaam anaweza kutuma msaada jioni ileile mtoto anapougua, huenda kaya ikaona haina haja ya kujiwekea kiasi kikubwa cha dharura. Utafiti huo basi unafungua uwezekano kwamba pesa za simu hupunguza akiba ya tahadhari bila kuidhuru kaya. Hoja hiyo inastahili sehemu yake katika sura, na anayepanga kwa majina ya waandishi haioni kabisa.

Safu ya nani aliulizwa nayo ina mtego. Kichwa cha tasnifu kinasema kaya, lakini uchunguzi kama FinScope humhoji mtu mzima mmoja, wala jibu lake si jibu la kaya. Mke anaweza kuwa na salio ambalo mume halijui. Pamela Jakiela na Owen Ozier, katika jaribio lao vijijini Kenya, waliona wanawake wakikubali faida ndogo ili tu ndugu wasijue ukubwa wa fedha zao. Simu yenye namba ya siri inaficha salio kuliko kibubu, ila pia inamfikisha ndugu mwenye shida kwa ujumbe mmoja. Tafiti zinazopima mtu na zinazopima kaya zitenganishwe, la sivyo jedwali zima litadanganya.

Jedwali likijaa, sura inajipanga kwa maswali: ushahidi wa kuongezeka, ushahidi wa kuhama, nafasi ya misaada ya ndugu, kisha mvutano wa ndani ya kaya. Mwishoni linabaki pengo, nalo lisiandikwe kwamba hakuna utafiti uliofanyika Morogoro. Wilaya kutofikiwa na mtafiti si sababu ya kutosha. Pengo la kweli ni safu iliyo tupu: tafiti tatu tulizojaza hapa hazikujibu kama jumla ya akiba ya kaya, mahali pote inapowekwa, iliongezeka. Mwanafunzi akiiona safu hiyo ikibaki tupu hata baada ya kupitia makala zake zote, dodoso lake liulize salio la kila mahali kwa mume na kwa mke, kila mmoja akiwa peke yake.